SOMO: Kusoma prufu ya habari ya gazeti – tahajia, kuunga na kutenga maneno, na maneno ya mkopo

Wengi wetu tukipewa habari tuisome prufu huanza juu na kushuka chini mara moja, tukitafuta kila aina ya kosa kwa wakati mmoja. Njia hiyo hukamata makosa yanayoonekana kwa macho na kuacha mabaya zaidi. Kiswahili kina tatizo lake: neno likikosewa herufi moja, au likikatwa katikati, mara nyingi kinachobaki ni neno halali pia. Jicho linapita bila kushtuka. Kwa hiyo nashauri kuipitia habari mara kadhaa, kila mara ukitafuta jambo moja tu.

Tufanye kazi na aya hii, niliyoitunga kwa ajili ya somo:

> Mwenyekiti wa kamati ya maji amesema mashini mbili zilizo nunuliwa mwaka jana hazija anza kazi kwasababu ya ukosefu wa dizeli. Alisema zana ya kwamba mradi umekufa sikweli, na kuongeza kuwa makampuni mawili yaliyo na uzoefu yameomba kuzifunga. Hata hivyo, kampuni hizo hayaja leta wataalam. "Mashine hizi zina samani kubwa," alisema, huku akisisitiza kuwa hakuna mwana kijiji aliyeuwawa katika ajali ya lori lililo leta vifaa, bali kuna wawili walio majeruhi.

Hatua ya kwanza: soma bila kalamu

Soma aya yote ujue inasema nini. Usipojua mwandishi alikusudia nini hutaweza kuamua kama neno ni sahihi.

Hatua ya pili: tahajia

Sasa tafuta sauti zinazochanganywa. Jozi za kuangalia ni dh na z, th na s, gh na g, r na l, pamoja na h inayoongezwa au kudondoshwa. Katika aya yetu kuna "zana" na "samani". Yote mawili yamo kwenye kamusi, ila zana ni vifaa vya kazi na samani ni meza na viti. Mwandishi alitaka *dhana* na *thamani*. Programu ya kukagua tahajia haitakuonyesha chochote hapa, na ndiyo maana maneno ya namna hii lazima uyapime kwa maana ya sentensi. Mengine ya kuviziwa ni "hajali" palipotakiwa "ajali", na "kula" palipotakiwa "kura". Hilo la mwisho huharibu kabisa habari za uchaguzi.

Kisha angalia w na y zinazopachikwa kati ya irabu: "chukuwa", "nunuwa", "pokeya". Sahihi ni chukua, nunua, pokea. Katika aya yetu kuna "aliyeuwawa". Kitenzi ni ua, na kauli yake ya kutendwa ni uawa, yaani w moja tu. Kwa hiyo andika *aliyeuawa*. Habari za ajali na uhalifu hazikosi kosa hili, na mara nyingi hukaa kwenye kichwa cha habari.

Hatua ya tatu: kuunga na kutenga

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote.

Angalia "zilizo nunuliwa". Jiulize kinachofuata baada ya nafasi ni nini. *Nunuliwa* ni mzizi wa kitenzi pamoja na viambishi tamati, hauna kiambishi cha nafsi wala cha wakati, na hauwezi kusimama peke yake katikati ya sentensi hii. Basi unaungana: *zilizonunuliwa*. Vivyo hivyo *hazijaanza*, *hayajaleta* na *lililoleta*. Kitenzi kitupu husimama peke yake katika amri, kama "Anza!", na hapa hakuna amri.

Sasa angalia "yaliyo na uzoefu" na "walio majeruhi". Kwa haraka vinafanana na vile vya juu, na msomaji prufu mwenye bidii anaweza kuviunga. Asifanye hivyo. Baada ya *walio* kuna nomino, na baada ya *yaliyo* kuna *na*. Hapo -li- si wakati uliopita, ni kitenzi cha "kuwa", kwa hiyo "walio majeruhi" ni watu ambao ni majeruhi. Vilevile tunaandika "mambo yaliyo muhimu", "chakula kilicho tayari", "mali aliyo nayo". Kipimo ni kimoja: kikifuata kitenzi kitupu, unga, kikifuata kivumishi, nomino, kielezi au *na*, tenga.

Kipimo hicho kinatatua na *si*. "Sikubali" huungana kwa kuwa *kubali* ni kitenzi. "Si kweli", "si lazima", "si mwalimu" hutengwa. Aya yetu ina "sikweli", basi tenga.

*Mwana* linapounda jina la mtu wa kundi au kazi fulani huungana na linalofuata: mwanakijiji, mwanasheria, mwanamichezo. Linapobaki na maana ya mtoto na kufuatwa na *wa* hutengwa: mwana wa mfalme. *Mwenyekiti* ni kiongozi wa kikao, ilhali "mwenye kiti" ni mtu aliye na kiti.

Ukitumia kompyuta, usitegemee macho peke yake. Fungua sehemu ya kutafuta, andika kipande kisha gonga nafasi mara moja mwishoni:

```
aliye 
walio 
zilizo 
lililo 
hazija 
anapo 
```

Kila kinapojitokeza, kipime kama nilivyoeleza. Usibadilishe yote kwa mkupuo, utaziunga na zile zilizokuwa sahihi.

Hatua ya nne: maneno ya mkopo

Chukua karatasi pembeni. Kila ukikutana na neno la mkopo lenye zaidi ya sura moja, liandike mara ya kwanza linapotokea. Katika aya yetu utaandika "mashini", halafu sentensi chache mbele utakuta "mashine". Habari moja haiwezi kubeba zote mbili. Chagua kamusi moja ya chumba cha habari na uifuate. Mimi ningeandika *mashine* na *wataalamu*.

Ila tahajia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni wingi na upatanisho. Mwandishi wetu ameandika "makampuni mawili yaliyo na uzoefu", halafu "kampuni hizo hayaja leta". Neno moja limewekwa katika ngeli mbili, na katika sentensi ya pili nomino na kitenzi havipatani kabisa. Wapo wanaosema kampuni/kampuni na wapo wanaosema kampuni/makampuni. Chagua moja, kisha fuatilia viambishi vyote vinavyolitegemea. Kwa hiyo kwenye karatasi yako usiandike "kampuni" tu. Andika "kampuni, wingi kampuni, hizi, zimeomba". Majina ya watu hufuata njia yake: umbo ni madaktari na madereva, lakini upatanisho ni wa watu, "madaktari hao wamegoma".

Mambo mawili usiyaguse. Jina rasmi la taasisi liache kama taasisi yenyewe inavyoliandika, hata likipingana na karatasi yako. Pia katika nukuu sahihisha tahajia, lakini usibadilishe maneno ya msemaji. Akisema makampuni, yabaki makampuni.

Aya yetu sasa inasomeka hivi:

> Mwenyekiti wa kamati ya maji amesema mashine mbili zilizonunuliwa mwaka jana hazijaanza kazi kwa sababu ya ukosefu wa dizeli. Alisema dhana ya kwamba mradi umekufa si kweli, na kuongeza kuwa kampuni mbili zilizo na uzoefu zimeomba kuzifunga. Hata hivyo, kampuni hizo hazijaleta wataalamu. "Mashine hizi zina thamani kubwa," alisema, huku akisisitiza kuwa hakuna mwanakijiji aliyeuawa katika ajali ya lori lililoleta vifaa, bali kuna wawili walio majeruhi.

Hatua ya tano: ukurasa uliopangwa

Safu za gazeti ni nyembamba, kwa hiyo maneno hukatwa mwisho wa mstari. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye kanuni za Kiingereza inaweza kukupa "nyum-ba" na "wanan-chi". Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, na mb, nd, nj, ng huenda pamoja na irabu inayofuata: nyu-mba, wana-nchi, ng'o-mbe. Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizogusana huweza kukatwa katikati yake, kama dak-tari na lab-da. Neno ambatani likate kwenye kiungo: mwenye-kiti. Usiandike kistari kwa mkono ndani ya matini, kwa sababu mistari ikihama kitabaki katikati ya safu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwandishi wetu anakataa kutenga "kwa sababu". Anasema "kwasababu" limeshazoeleka. Nimjibu nini?

Jibu: Marahaba. Mwonyeshe kwamba *sababu* bado ni nomino kamili mahali hapo. Tunasema "kwa sababu hiyo", "kwa sababu nyingi", na nomino hiyo inapata sifa zake kama kawaida. Kwa njia hiyohiyo tenga kwa hiyo, kwa kuwa, kwa nini, kwa ajili ya. *Kwamba* ni neno moja. *Kwake* na *kwao* huungana kwa sababu kinachofuata ni kipande cha kiwakilishi.

Swali: Ndio au ndiyo?

Jibu: Kuitikia ni *ndiyo*. Penginepo hufuata ngeli: watu ndio, mti ndio, miti ndiyo, nyumba ndiyo. Angalia pia "ripoti yeyote". *Yeyote* ni la mtu mmoja, ripoti ni *yoyote*.

Swali: Ndugu mwalimu, habari ikitoka kwa mwandishi wa Kenya ina "tarakilishi", na sisi Tanzania tunaandika "kompyuta". Je, ni kosa?

Jibu: Si kosa la tahajia, ni uchaguzi wa neno, na ni la mhariri kuamua. Kazi yako ni kuhakikisha hayachanganywi ndani ya habari moja, maana msomaji anaweza kudhani ni vifaa viwili. Ukiona yote mawili, yawekee alama na umuulize mhariri kabla ya kubadilisha.

Swali: Nikitafuta "ng'ombe" kwenye matini kompyuta inasema halipo, na mimi ninaliona kwa macho! Tatizo nini, dada?

Jibu: Kuna alama mbili za ritifaa, iliyonyooka (') na iliyopinda (’), na baadhi ya programu huzihesabu kuwa herufi tofauti. Tafuta "ombe" peke yake, utayapata yote. Kisha chagua alama moja kwa habari nzima. Hakikisha pia iliyopinda haikugeuka ikawa alama ya kufungua nukuu (‘), jambo linalotokea sana neno linapobandikwa kutoka programu nyingine. Halafu kagua palipoandikwa "ngombe" bila ritifaa, kwa kuwa utafutaji wa "ng'" hautapaona.