Somo: Kuandika kuzidisha na dola bila bei kuharibika

Chukua makadirio ya chumba Zanzibar: wageni 4, dola 25 kwa kila mmoja, usiku 3, na usafiri. Ukiandika hivi:

```
Jumla: 4*25*3 = $300, usafiri $40
```

Programu inayosoma Markdown huziona nyota mbili kama amri ya kulaza herufi. Inazifuta, na mteja anasoma 4253, huku 25 ikiwa imelala. Ikiwa ukurasa unachora pia hesabu zilizowekwa kati ya `$` na `$`, maneno "300, usafiri" nayo yanageuka fomula: herufi zinalala, nafasi zinapotea na alama za dola hazionekani.

Hatua ya 1. Tumia × halisi. Kwenye Windows shikilia Alt, kisha bonyeza 0215 upande wa namba. Kwenye simu nyingi za Android, itafute kwenye kurasa za alama.

Hatua ya 2. Badala ya `$` andika USD.

```
Jumla: 4 × 25 × 3 = USD 300, usafiri USD 40
```

Hatua ya 3. Kama lazima nyota au `$` ibaki, tanguliza mkwaju wa nyuma: `\*` na `\$`. Kwa dola siiamini sana njia hii. Kuna kurasa ambazo Markdown hupita kwanza na kuula ule mkwaju, kisha programu ya hesabu inakuja na kuikuta `$` iko uchi. Na ukinakili maandishi hayo kwenye SMS, mkwaju wenyewe utaonekana.

Hatua ya 4. Fungua mwonekano wa mwisho na usome tarakimu moja moja. Dalili ni namba zilizoshikana au herufi zilizolala mahali usipotaka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona mimi huandika 5\*3 na haibadiliki?*
Nyota moja haina mwenzake. Ukiongeza 6\*2 kwenye aya hiyohiyo, hata mbali, zitashikana, na kila kilicho katikati kitalala.

*Nikiacha nafasi pande zote mbili za nyota?*
Inasaidia: `4 * 25 * 3` hubaki kama ilivyo. Ila nyota ikianza mstari, ikifuatwa na nafasi, inakuwa kitone cha orodha.

*Natuma fomula ya Excel, na humo × haikubaliki. Nifanyeje?*
Hapo acha nyota, ndugu yangu. Zungushia fomula ile alama ndogo iliyo juu ya Tab kwenye kibodi za Kimarekani, mwanzoni na mwishoni, itokee kama msimbo:

```
=$B$2*C2*D2
```

Ndani ya msimbo, nyota na dola haziguswi, na mwenzako akinakili ataibandika ikafanya kazi.