Ripoti imechelewa kwa sababu ya umeme: mwandikie mteja hivi

Usisubiri intaneti irudi ndipo uombe radhi. Minara mingi ya simu ina betri au jenereta, kwa hiyo SMS ya kawaida mara nyingi hupita hata data ikiwa imekufa. Mwandikie kabla ya muda mliokubaliana kupita. Ujumbe wa baada ya hapo husomeka kama kisingizio, hata ukiwa wa kweli.

Sababu iwe sentensi moja tu. Habari za transfoma hazimsaidii. Anachotaka ni saa mpya. Ipange hivi: kama kazi iliyobaki ni ya saa tatu, hesabu sita, na uwe na mahali pa pili pa kufanyia kazi umeme usiporudi. Kuahirisha mara ya pili ndiko kunakoudhi hasa.

Mfano:

"Habari za mchana, dada Rehema. Samahani, ripoti ya mauzo haitafika leo saa 11 jioni kama nilivyoahidi. Umeme na intaneti vimekatika huku tangu jana usiku. Nitakutumia kesho Jumatano, saa 4 asubuhi (10:00). Umeme usiporudi, nitaimalizia mjini kwenye jenereta. Kama unahitaji jumla za mwezi kwa kikao cha leo, nijulishe nikutumie kwa SMS."

Hiyo 10:00 usiiache. Wapo wateja wanaosoma "saa 4" wakaelewa saa kumi jioni. Na "kesho asubuhi" peke yake si ahadi, maana asubuhi ya wengine hufika hadi saa sita.