Menyu moja ya bethdei kwa watoto wenye aleji tofauti

Ukipika sahani ya pekee kwa kila mtoto mwenye aleji, gharama zinapanda na watoto bado watabadilishana vipande ukigeuka tu. Mimi hupanga menyu moja ambayo kila aliyealikwa anaweza kula. Tuchukue sherehe ya watoto 12: mmoja hali karanga, mwingine maziwa, wa tatu mayai.

Hatua ya 1: Ongea na wazazi wiki moja kabla

Uliza ni chakula gani hasa, mtoto akikila anapatwa na nini, na kama ana dawa ya dharura aje nayo. Mzazi akisema "maziwa", mdodose zaidi. Anayeumwa tumbo kwa sababu ya laktosi anaweza kunywa maziwa yaliyoondolewa laktosi. Mwenye aleji hawezi, maana kinachomdhuru ni protini, nayo bado imo.

Hatua ya 2: Anza na vyakula visivyo na lebo

Wali, viazi, kuku na matunda havina viambato vya kuchunguza, na ni nafuu kuliko vya pakiti. Ongeza bisi: nusu kikombe cha punje hutoa takriban vikombe 16. Usitumie siagi ya maziwa wala mafuta ya karanga, na walio chini ya miaka 4 usiwape, huwapalia. Vinywaji ni maji na juisi, lita 5 zinatosha.

Hatua ya 3: Keki bila mayai wala maziwa

Changanya unga wa ngano kikombe 1½, sukari kikombe 1, kakao vijiko vikubwa 3, soda ya kuokea kijiko cha chai 1 na chumvi nusu kijiko cha chai. Soma lebo ya kakao: nyingine hugusana na maziwa au karanga kiwandani. Mimina maji kikombe 1, mafuta theluthi moja ya kikombe na siki kijiko kikubwa 1.

Siki ikikutana na soda utaona mapovu. Hayo ndiyo yanayoinua keki badala ya mayai. Kwa hiyo oveni iwe tayari kwenye nyuzi 180, na ukoroge kwa muda mfupi tu. Ukichelewa, mapovu yanaisha na keki inatoka bapa, nzito kama tofali. Oka dakika 30 hadi 35, mpaka kijiti kitoke kikavu.

Akiwepo asiyekula ngano, achana na keki. Chomeka mishumaa kwenye tikiti maji. Watoto hawalalamiki hata kidogo.

Hatua ya 4: Linda chakula mpaka mezani

Usikaangie viazi kwenye mafuta yaliyokaangia kitu chenye mayai. Vyombo na mikono vioshwe kwa sabuni na maji, kwani vitakasa mikono haviondoi mabaki ya karanga. Vitafunio vinavyoletwa na wageni viweke kando, wapewe wakiondoka.

Mtoto akivimba midomo au akianza kukoroma kifua, mpe dawa yake ya dharura mara moja, kisha piga simu ya dharura. Usingoje uone kama itapoa.