Nyoosha picha ya daftari kabla ya kuigeuza maandishi

Picha ya muhtasari wa kikao iliyopigwa kwa upande huwa na mistari inayobanana kuelekea ukingo wa mbali, kwa hiyo programu ya kusoma mwandiko huweza kuunganisha mwanzo wa mstari mmoja na mwisho wa mstari wa chini yake. Kuizungusha picha hakutoshi, kwa sababu ukingo ule hubaki mdogo. Tumia sehemu ya kuskani hati kwenye simu, uvute pembe nne za fremu hadi pembe halisi za karatasi, ndipo uipe programu isome. Kisha linganisha kila tarakimu na picha, hasa 1 na 7, kwani mchango wa 17,000 uliosomwa 11,000 hautaonekana kuwa kosa, tofauti na neno lililoharibika.