Barua ya maombi iliyosainiwa: jinsi ya kuitoa kwenye DOCX hadi PDF inayofunguka

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hapa Tanzania, huwakumbusha waombaji kuambatisha barua ya maombi iliyosainiwa pamoja na vyeti, vyote vipakiwe kwenye Ajira Portal. Neno "iliyosainiwa" ndilo linalowasumbua wengi. Barua umeichapa kwenye kompyuta, sahihi ni ya kalamu, na mfumo unataka faili.

Anza na barua yenyewe. Ukiiandika kwa Word, jina lake litaishia na .docx. DOC ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya waraka, na X iliongezwa kwenye Word ya 2007, ilipoanza kuhifadhi maandishi kwa mtindo wa XML. DOCX ni faili ya kufanyia kazi, imeachwa wazi ili ihaririwe. Ukimtumia mwajiri ambaye kompyuta yake haina fonti uliyotumia, itawekwa fonti nyingine, mistari itasogea, na jina lako pale chini linaweza kuangukia ukurasa wa pili peke yake.

PDF ilibuniwa kuondoa tatizo hilo. Herufi zake ni za Portable Document Format, yaani muundo wa waraka unaobebeka. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ukurasa hubaki ulivyoupanga, na kwa kawaida fonti husafiri ndani ya faili.

Sasa chapisha barua, isaini, kisha iskani. Hapa wengi hupiga picha tu, wakapata JPG. Jina hilo ni la jopo lililounda muundo huo, Joint Photographic Experts Group. Herufi E iliachwa kwa sababu kompyuta za zamani zilikubali herufi tatu tu baada ya nukta. JPG hupunguza ukubwa kwa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho halivioni kwenye picha ya uso au mandhari. Kwenye maandishi, vitu hivyo vidogo ndivyo kingo za herufi, kwa hiyo barua hutoka na ukungu. Ukiituma WhatsApp kama picha, hubanwa tena. Itume kama waraka.

Kwenye simu ya Android, fungua Google Drive, gusa alama ya kujumlisha, chagua Scan. Utapata PDF moja kwa moja. Ukienda steshenari, omba waskani kwa nukta 150 kwa inchi, rangi ya kijivu. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 ina takriban 2480 kwa 3508. Kwa 150 ni 1240 kwa 1754, robo tu ya nukta zile, na barua bado inasomeka vizuri. Hiyo ndiyo njia ya kukaa ndani ya kikomo cha ukubwa kinachoonyeshwa unapopakia.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kubadilisha jina, barua.jpg ikawa barua.pdf, akidhani amegeuza faili. Amebadilisha lebo tu. Ndani bado ni picha. Ukiwa na shaka, ifungue kwa Notepad bila kuhifadhi chochote, utazame mwanzo wake. PDF ya kweli huanza hivi, ingawa namba inaweza kutofautiana:

```
%PDF-1.7
```

Ukikuta PK, hiyo ni DOCX, kwa sababu DOCX ni kifurushi cha ZIP chenye faili kadhaa ndani. Windows pia huficha mwisho wa jina, kwa hiyo barua.pdf unayoiona inaweza kuwa barua.pdf.docx. Kwenye Windows 11, fungua folda, kisha View, Show, File name extensions, uone jina lote.

Wasifu wako usiuskani. Hauhitaji wino, na ukiuskani unakuwa picha ya maneno ambayo msomaji hawezi kuyatafuta wala kuyanakili. Utoe Word moja kwa moja: File, Save As, chagua PDF. Kisha jaribu kuweka kivuli juu ya neno moja kwa kipanya. Neno likishikika, maandishi yamo.

Wapo waajiri, hasa mawakala wa ajira, wanaotaka wasifu wa Word ili waupange kwa mtindo wao. Tangazo likisema hivyo, tuma DOCX bila kusita.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, fungua PDF ya barua kwenye simu ya mtu mwingine. Tazama kama kurasa zote zipo, kama hakuna uliogeuka kichwa chini, na kama sahihi inaonekana bila kukuza.