SOMO: Jinsi ya kumwandikia rafiki yako ujumbe wa mwisho kabla hajahamia nchi ya mbali

Habari wakuu. Somo la leo ni kwa yule ambaye rafiki yake wa kufa na kuzikana anahama nchi, sio safari ya wiki mbili, ni ile anaenda kuishi huko na kurudi ni majaliwa. Unataka umwandikie kitu lakini kila ukishika simu maneno yanagoma, unaishia "safari njema ndugu yangu". Twende taratibu.

Hatua ya 1: jua atausoma lini

Hapa ndo wengi wanaharibu. Wanatuma jamaa akiwa eapoti, mizigo inapimwa, pasi haionekani, mama yake analia pembeni, anasoma mstari mmoja anajibu "asante sana" imeisha hiyo. Ujumbe kama huu kazi yake inakuja baadaye, wiki ya tatu au ya nne hivi, ile shamrashamra ya ugeni imekwisha, hana wa kupiga naye stori, usingizi hauji, ndo anarudi kuusoma upya. Kwa hiyo unamwandikia yule mtu wa wiki ya nne, ukishalijua hilo nusu ya kazi imeisha.

Tuma siku mbili tatu kabla hajaondoka, usiku akiwa ametulia. Na kama unatumia WhatsApp angalia kwanza kama chati yenu haina ile seti ya meseji kujifuta zenyewe, ipo ya saa 24, ya siku 7 na ya siku 90, watu huwa wanaiwasha halafu wanasahau. Usingoje pia mpaka ameshaondoka na kuzima laini, kwa sababu meseji isipomfikia ndani ya siku 30 WhatsApp wenyewe wanaifuta na wewe utabaki unaangalia tiki moja tu.

Hatua ya 2: tukio moja, sio historia yote

Usianze "tumetoka mbali". Chagua tukio moja dogo ambalo mnalijua wawili, liandike na vitu vyake, ilikuwa saa ngapi, alishika nini, alisema nini. Baada ya hapo mwambie lilikufanyia nini, na hili ndo watu wanaliruka kwa aibu. "Wewe ni rafiki mzuri" hata mtu wa kazini anaambiwa, ila "nilirudi shule kwa sababu yako" hiyo ni yake peke yake.

Hatua ya 3: ahadi ndogo

Msiahidiane kuongea kila siku. Masaa yanapishana, wewe unaamka yeye ndo anapanda kitandani, mwezi wa pili mmoja anakosa, anaona aibu, na ile aibu ndo inaua mawasiliano kuliko hata umbali wenyewe. Ahidi kitu ambacho utakifanya hata ukiwa bize na ambacho hakimdai ajibu.

Hatua ya 4: toa lawama

"Unaniacha na nani", "usije ukatusahau ukishazoea maisha ya huko". Tunaziandika kwa mapenzi lakini mtu aliye peke yake ugenini akizisoma anasikia anatuhumiwa. Pitia sentensi moja moja ujiulize, hii inamsaidia yeye au inanililia mimi? Ya kujililia bakiza moja tu, maana ukizitoa zote nayo inakuwa barua ya ofisi.

Mfano

Kuna dogo alinitumia rasimu yake nimwangalizie, ilikuwa hivi:

"Kaka siamini unaondoka, sijui nitaishije, tumetoka mbali sana na umekuwa zaidi ya ndugu. Usije ukatusahau huko. Tutakuwa tunaongea kila siku. Mungu akutangulie."

Nikamuuliza, mmetoka mbali wapi? Akakaa kimya kidogo halafu akaanza kunisimulia mwaka aliofeli mtihani, alikuwa anajifungia ndani na rafiki yake anakuja kila jioni na drafti, wanacheza, anaondoka, habari ya matokeo haiguswi. Nikamwambia sasa andika hiyo hiyo. Akaandika:

"Kaka, ule mwaka niliofeli ulikuwa unakuja kila jioni na drafti kwapani, unanifunga, unacheka, unaenda zako, hata siku moja hukuniuliza matokeo. Sikuwahi kukwambia ila bila zile jioni nisingerudi kujiandikisha tena. Najua huko kuna siku zitakuwa ngumu na hutataka maswali ya mtu. Siku hizo nitumie neno moja tu, drafti, nitaelewa na sitauliza kitu. Mi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nitakutumia sauti, usijisikie una deni la kujibu. Nitakumiss sana bwana. Nenda salama."

Haijawa ndefu sana wala haina maneno makubwa. Angalia lile neno drafti lilivyokaa, jamaa alimsaidia kwa kutomuuliza na yeye sasa anamrudishia vile vile. Hilo mimi sikumfundisha, lilitoka lenyewe baada ya kulipata tukio.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo, mi nataka kuandika kwa mkono kwenye karatasi, vipi ni ushamba?

Jibu: Ushamba wapi, kama mwandiko wako unasomeka mi naona ndo bora, simu zinaibiwa na chati zinapotea. Ila mwambie aiweke kwenye begi analoingia nalo kwenye ndege, yale makubwa huwa yanachelewa au yanapotea kabisa. Na wewe piga picha ubaki nayo.

Swali: Tuligombana mwaka jana hatujakaa sawa mpaka leo, niombe msamaha humo humo?

Jibu: Hapana, tenganisha. Msamaha unataka jibu na ujumbe wa kuaga hautaki, ukivichanganya anakosa pa kushika. Mtafute wiki hii, ikiwezekana ana kwa ana, mwombe radhi yaishe, halafu ndo ukae chini uandike huu mwingine. Asipokubali kukuona, tuma msamaha wenyewe mfupi, kosa lako ulitaje kwa jina, usiweke "kama nilikukosea". Hapo umemaliza, habari za drafti ziache.

Swali: Naomba kuuliza, huyu rafiki ni wa kike na mi nampenda kweli ila sijawahi kumwambia. Nimwambie kwenye huo ujumbe?

Jibu: Aisee dogo. Ukimwambia kwa maandishi usiku wa kuamkia safari unamwachia swali ambalo hawezi kulijibu akiwa huku, na huko hatajua alijibuje. Kama zimebaki siku kadhaa, mwambie uso kwa uso, akikataa mna muda wa kurudi kuwa marafiki kabla hajapanda ndege. Kama anaondoka kesho, kaa nalo kwanza.

Swali: Mi nimeshatuma tangu juzi, anaondoka keshokutwa, tiki za bluu zipo lakini kimya. Nimuulize kama ameusoma?

Jibu: Usimuulize dada, ameusoma na pengine hajui aanzie wapi, mwenyewe umesema anaondoka keshokutwa. Kama kuna jambo la safari mwandikie hilo tu, begi, usafiri wa kwenda eapoti, kama vile ule ujumbe haudaiwi kitu. Ikifika siku uliyoahidi kutuma sauti, tuma kama kawaida.