Kabla ya kustaafu mapema: pensheni hupungua mara mbili, si mara moja

Mtu anayefikiria kustaafu kabla ya umri wa kawaida huuliza swali moja: punguzo ni asilimia ngapi? Anajibiwa, tuseme, asilimia 18. Anarudi nyumbani, anachukua kiasi cha pensheni alichoonyeshwa kwenye taarifa yake ya mwaka, anakipunguza kwa asilimia 18, kisha anapanga maisha yake kwa hesabu hiyo. Barua ya mafao ikifika, kiasi ni kidogo kuliko alivyotarajia, na wala hakuna aliyemdanganya. Pensheni yake imepungua mara mbili, naye alihesabu mara moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuzingatia ni kujua taarifa ile ya mwaka inasema nini hasa. Mara nyingi kiasi kilichoandikwa pale ni makadirio ya pensheni utakayopata ukifanya kazi mpaka umri wa kawaida. Kimeshahesabu miaka ambayo bado hujaifanyia kazi. Ukiondoka mapema, miaka hiyo haipo.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi alianza kuchangia akiwa na miaka 28, na umri wa kawaida wa kustaafu katika mfuko wake ni 60. Kikokotoo cha mfuko kinampa asilimia 2 ya wastani wa mshahara wake kwa kila mwaka wa utumishi. Wastani huo ni 1,000 kwa mwezi. Akifika 60 atakuwa na miaka 32, yaani asilimia 64, hivyo pensheni yake ni 640 kwa mwezi. Hiki ndicho kiasi kilicho kwenye taarifa yake.

Sasa anataka kuondoka akiwa na miaka 55. Ana miaka 27 ya utumishi, ambayo ni asilimia 54, hivyo pensheni yake kabla ya punguzo lolote ni 540. Hapa ameshapoteza 100 kwa mwezi, na bado neno punguzo halijatajwa. Pia nimeuacha wastani wa mshahara ukae palepale ili hesabu iwe rahisi. Mfuko unaotumia mshahara wa miaka ya mwisho ungeweza kumpa wastani mdogo zaidi, kwa sababu nyongeza ambazo angezipata kati ya 55 na 60 hazitaingia.

Ndipo linapokuja punguzo lenyewe. Tuseme kanuni ni asilimia 0.3 kwa kila mwezi uliobaki kufikia umri wa kawaida, kiwango ambacho Ujerumani inakitumia katika pensheni yake ya umma. Miezi 60 mara 0.3 ni asilimia 18. Asilimia 18 ya 540 ni 97.20, hivyo pensheni inabaki 442.80. Yule aliyepiga hesabu nyumbani alitoa asilimia 18 kwenye 640 na kupata 524.80. Tofauti ni 82 kila mwezi, kwa maisha yake yote. Ukilinganisha 442.80 na 640 ya awali, kilichopungua ni karibu asilimia 31.

Wengi wakiiona hesabu hii husema wametozwa mara mbili kwa kosa moja. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao, kwa kuwa kila upungufu una sababu yake. Wa kwanza ni wa miaka ambayo hukufanya kazi wala kuchangia. Wa pili ni wa muda wa malipo: pensheni inaanza kulipwa miaka mitano kabla, na fedha ambazo zingeendelea kukaa kwenye uwekezaji zikizaa faida zinaanza kutoka. Haki ileile inagawanywa kwa miezi mingi zaidi, kwa hiyo kila mwezi unapata sehemu ndogo.

Unaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Mifuko mingi humruhusu mtu aache kazi akiwa na miaka 55 lakini aahirishe kuchukua pensheni mpaka 60, na hapo hulipwa 540 bila punguzo. Anayeanza kuchukua 442.80 mapema atakuwa ameshapokea 26,568 siku anayofikisha 60. Kuanzia hapo, aliyesubiri anapata 97.20 zaidi kila mwezi. Gawanya 26,568 kwa 97.20 utapata miezi 273 na kidogo, karibu miaka 22 na miezi 9. Aliyesubiri anamfikia mwenzake wakiwa na karibu miaka 83. Hesabu hii haikuingiza faida ya uwekezaji wala nyongeza za kila mwaka, lakini inaonyesha kwamba kwa kiwango hiki punguzo si adhabu. Kwa mtu mwenye afya dhaifu, kusubiri kunaweza kumgharimu zaidi kuliko punguzo lenyewe.

Jambo la kuangalia kwa makini kuliko yote, kwa maoni yangu, ni umri ambao miezi inahesabiwa kutoka kwake. Umri wa kawaida umekuwa ukipandishwa katika nchi nyingi, na mtu huendelea kukariri ule wa wazazi wake. Marekani inatoa mfano mzuri. Kanuni ya pensheni ya umma kule hupunguza tano ya tisa ya asilimia 1 kwa kila mwezi katika miezi 36 ya kwanza, kisha tano ya kumi na mbili ya asilimia 1 kwa kila mwezi unaozidi hapo. Umri kamili ulipokuwa 65, aliyeanza kuchukua akiwa na 62 alikuwa mbele kwa miezi 36 na alipunguziwa asilimia 20. Kwa waliozaliwa mwaka 1960 na baadaye umri huo ni 67, hivyo anayeanza akiwa na 62 yuko mbele kwa miezi 60 na anapunguziwa asilimia 30. Umri wa kuanzia haukubadilika, kanuni haikubadilika, ila miezi imeongezeka.

Mifuko mingine haina asilimia ya mwezi. Hutumia jedwali la vigezo lililoandaliwa na wataalamu wa hesabu za bima, ambalo huzingatia miaka ambayo watu wa umri wako hutarajiwa kuishi na faida inayotarajiwa kwenye uwekezaji. Jedwali hilo hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo makadirio ya miaka mitatu iliyopita yanaweza kuwa yamepitwa.

Usitegemee kwamba punguzo litaondoka ukifika umri wa kawaida. Katika mifumo mingi hubaki maisha yote, na nyongeza za kila mwaka huhesabiwa juu ya kiasi kilichopunguzwa. Kama utachukua mkupuo, uliza kama unakokotolewa kutoka 540 au 442.80 ya mfano wetu, na uliza pia mwenzi wako atalipwa kwa kufuata kiasi kipi ukifariki. Wanaoondoka kwa ugonjwa, au waliotumikia miaka mingi sana, wakati mwingine wana kanuni yao isiyo na punguzo, kwa hiyo angalia kama unaangukia huko kabla ya kujaza fomu ya kustaafu kwa hiari.

Kisha omba mfuko ukuandikie viasi vitatu, kila kimoja na tarehe yake: pensheni ukifanya kazi mpaka umri wa kawaida, pensheni ukiacha kazi sasa na kusubiri malipo, na pensheni ukiacha kazi na kuanza kulipwa sasa. Tofauti kati ya cha kwanza na cha pili ni bei ya miaka usiyoifanyia kazi. Tofauti kati ya cha pili na cha tatu ndiyo punguzo.